Hisa hugawanywa, kigawanyo hurekebishwa

Swali: Mimi ni mwandishi wa habari za biashara hapa Dodoma. Niliandika: "Kampuni ikigawa hisa zake kwa mbili, kigawanyo cha fahirisi ya bei nacho hugawanywa kwa mbili." Mhariri amekataa sentensi yote. Je, kosa ni la lugha au la hesabu?

Jibu: Ni la vyote viwili, na la hesabu limezaliwa na la lugha.

Tuanze na kitenzi. Kugawa hisa ni kuwapa watu hisa, kama mtu anavyogawa vyakula au zawadi, kwa hiyo msomaji wako atadhani kampuni imetoa hisa bure au imelipa gawio. Kinachotokea hapa ni kwamba kila hisa moja inafanywa kuwa mbili, na bei ya kila moja inabaki nusu. Kitenzi chake ni kugawanya, na ni salama zaidi kuandika kwa ukamilifu: "kampuni imegawanya kila hisa moja kuwa mbili."

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni tatu: ya zabibu, ambayo hisa yake ni shilingi 6,000, ya alizeti, shilingi 2,000, na ya chokaa, shilingi 1,000. Fahirisi inayopimwa kwa bei hujumlisha bei hizo, yaani 9,000, kisha hugawa kwa kigawanyo, ambacho mwanzoni ni idadi ya kampuni, yaani 3. Kiwango chake ni 3,000. Kampuni ya zabibu ikigawanya kila hisa kuwa mbili, bei yake inakuwa 3,000 na jumla inashuka hadi 6,000. Kigawanyo kikiachwa 3, fahirisi itasoma 2,000, kana kwamba theluthi ya soko imeyeyuka, ilhali hakuna mwenye hisa aliyepoteza hata senti. Ukifuata sentensi yako, kigawanyo kitakuwa 1.5 na fahirisi itaruka hadi 4,000, jambo ambalo pia ni uongo. Njia sahihi ni kuchukua jumla mpya ya bei za kufungia soko, 6,000, na kuigawa kwa kiwango cha zamani, 3,000. Kigawanyo kipya ni 2, na hicho ndicho kinachotumika soko linapofunguliwa.

Kwa hiyo andika "hurekebishwa". Wapo wanaopendelea "hupunguzwa", na kwa mfano wetu wangekuwa sahihi, lakini kampuni ikiunganisha hisa zake mbili kuwa moja, kigawanyo hupanda. Tena, mwishoni mwa Agosti 2020 kampuni ya Apple, iliyomo katika fahirisi ya Dow Jones ya New York, ambayo nayo hupimwa kwa bei, iligawanya kila hisa kuwa nne. Siku hiyohiyo kampuni tatu za fahirisi hiyo zilibadilishwa kwa nyingine zenye bei kubwa zaidi, na kigawanyo kikapanda kutoka takriban 0.147 hadi 0.152. Aliyeandika "kilipunguzwa" kwa mazoea alipotosha.

Marekebisho hayo hulinda kiwango cha siku ile tu. Kabla ya mgawanyo, zabibu ikipanda kwa asilimia 10 ilisukuma fahirisi pointi 200. Baada yake inaisukuma 150, na alizeti, ambayo haikufanya lolote, imeongezeka nguvu kutoka takriban pointi 67 hadi 100. Habari nyingi huliruka hili, nami naona ndilo lenye uzito kwa msomaji.

Kuhusu "fahirisi ya bei", jina hilo tayari lina mwenyewe: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao makuu hukohuko Dodoma, hulitumia kila mwezi kwa bei za mlaji, za unga na nauli. Andika "fahirisi ya hisa inayopimwa kwa bei". Mwenzake ni ile "inayopimwa kwa thamani", ambayo huzidisha bei ya kila hisa kwa idadi ya hisa, na fahirisi za Soko la Hisa la Dar es Salaam ni za namna hiyo. Zabibu ikiwa na hisa milioni 1 za shilingi 6,000, thamani yake ni bilioni 6. Zikiwa milioni 2 za shilingi 3,000, bado ni bilioni 6, hivyo mgawanyo haugusi kigawanyo hata kidogo. Huko hubadilika, kwa mfano, kampuni inapouza hisa mpya na kuingiza fedha.

Sentensi yako basi isomeke hivi: "Kampuni ikigawanya kila hisa yake kuwa mbili, kigawanyo cha fahirisi ya hisa inayopimwa kwa bei hurekebishwa ili kiwango kisibadilike."