Mbu hawajazoea dawa

*"Nafundisha baiolojia kidato cha nne hapa Moshi. Kwenye mada ya mageuko, karibu darasa zima wameandika kwamba mbu 'wamezoea' dawa ya vyandarua. Mwalimu mwenzangu anasema hicho ni Kiswahili sahihi, niwape alama. Niwape?"*

Usiwape, mwalimu. Sarufi haina kosa, lakini habari yenyewe ni ya uongo, na imenichosha kuisikia kila msimu wa malaria.

Kuzoea ni jambo la mwili mmoja. Mtu wa Tanga akihamia Marangu atatetemeka Julai nzima, kisha baridi itampungukia makali. Ni yuleyule, na mwili uliobadilika ni wake. Mbu hapewi nafasi hiyo. Dawa ikimweza, anakufa.

Chukua mbu 1,000, na tuseme 10 kati yao wamezaliwa na jeni yenye tofauti ndogo. Dawa ya vyandarua, pairethroidi, hunasa kwenye vijitundu vya neva vinavyopitisha sodiamu na kuvizuia visijifunge, mbu akapooza na kufa. Kwa wale 10, umbo la kijitundu ni tofauti kidogo, kwa hiyo dawa hainasi vizuri. Wote waguse chandarua. Kati ya 990 wa kawaida wanabaki 90. Kati ya wale 10 wanabaki 8. Mwanzo walikuwa 1 katika kila 100, sasa ni 8 kati ya 98, na hao waliobaki ndio watakaotaga mayai. Hakuna mbu hata mmoja aliyebadilika. Uwiano ndani ya kundi ndio uliobadilika, na huo ndio uteuzi asilia.

Anayebisha aangalie kipimo chenyewe. Watafiti huchukua mayai ya mbu majike waliokamatwa na kuyalea maabarani. Mbu wanaotoka humo hawajawahi kugusa dawa. Wakiwa na siku chache tu, huwekwa kwa saa moja ndani ya bomba lenye karatasi iliyotiwa dawa, kisha waliokufa huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa chini ya 90 katika kila 100, kundi hilo ni sugu. Usugu wa pairethroidi umeshathibitishwa kwa mbu wa mashamba ya mpunga kusini mwa mji wenu. Sasa mbu anayekutana na dawa leo kwa mara ya kwanza, aliizoea lini?

"Sugu" nalo lina kasoro yake, maana asili yake ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Nalivumilia, kwa sababu hueleza hali bila kudai imepatikanaje.

Aliyeandika "mbu wamejibadilisha ili wasife" mpe sifuri: hiyo "ili" inampa mbu nia asiyokuwa nayo. Aliyeandika "mbu sugu walinusurika, wakazaa, wakaongezeka" mpe alama zote.