Saa Moja na Nusu Isipoandikwa Vizuri, Mshahara Hupungua

Mwaka wangu wa kwanza wa kuandaa mishahara katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa hapa Moshi, mpakiaji mmoja mtu mzima alikuja dirishani na daftari lake, akaniambia, "Dada, saa zangu za ziada ni thelathini, lakini nimelipwa ishirini na sita." Daftari lilionyesha jioni ishirini, kila moja saa moja na nusu. Jedwali langu la Excel lilikuwa na mistari ishirini ya 1.30, na jumla yake ilikuwa 26.

Sote wawili tulikuwa tumejumlisha sawasawa. Msimamizi wa zamu aliandika muda kama tunavyoandika saa ya ukutani, ambapo nukta hutenganisha saa na dakika, lakini kompyuta iliisoma nukta hiyo kuwa ya desimali, yaani saa moja na sehemu tatu za kumi ya saa, ambazo ni dakika 18 tu. Dakika 12 zilipotea kila jioni. Mshahara wake wa mwezi ulikuwa shilingi 390,000, ambao kwa wiki ya saa 45 tunaugawa kwa 195 na kupata 2,000 kwa saa, na kwa kuwa saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kila moja ilikuwa 3,000. Alistahili 90,000, nami nilimlipa 78,000.

Usisubiri mtu aje dirishani. Pitia tarakimu zilizo baada ya nukta kwa mwezi mzima: ukiona .15, .30 na .45 zikijirudia, wala hakuna hata moja inayofikia .60, hizo karibu hakika ni dakika. Ukikuta .25 na .75 kwa wingi, mwandishi alikuwa anatumia desimali. Kumbuka pia kwamba Excel huondoa sifuri ya mwisho, hivyo 1.30 huonekana 1.3 na dalili hujificha. Rudi kwenye karatasi ya msimamizi.

Ukiwa na hakika kwamba safu nzima ni dakika, fomula hii hubadilisha 1.30 kuwa 1.5:

```
=DOLLARDE(B2,60)
```

Usiitumie kwenye safu iliyochanganyika, kwa sababu 1.75 ambayo tayari ni desimali itageuka 2.25, na hapo utalipa nusu saa isiyofanyiwa kazi. Tenganisha kwanza mistari kwa kila msimamizi, maana mtu mmoja kwa kawaida huandika kwa namna moja.

Sisi tulibadilisha fomu yenyewe: safu moja ya Saa, nyingine ya Dakika, bila nukta popote, na jedwali hufanya mengine:

```
=B2+C2/60
```

Zile 12,000 zililipwa mwezi uliofuata katika mstari wake wa malimbikizo, pamoja na za wenzake wote wa zamu ile.