Ramani ya Afrika ya ukutani: tazama kwanza Moroko na Kenya

Walimu wa hapa Malindi wakitaka ramani ya Afrika ya kubandika darasani, wengi hunitumia picha ya mtandaoni niikuze tu hadi A0. Kabla ya kuichapisha mimi hutazama Moroko na Kenya. Moroko, bila Sahara Magharibi, ikionekana kubwa kuliko Kenya, basi dunia iliyo mviringo imelazwa kwenye karatasi bapa kwa projeksheni ya Mercator, na kwa somo la jiografia haifai.

Kenya ina kilomita za mraba kama 580,000. Moroko, bila Sahara Magharibi, ina kama 447,000. Mercator hutanua nchi kadiri zinavyokaa mbali na ikweta: kwenye latitudo 32 hivi, ilipo Moroko, eneo huvimba kwa karibu asilimia 40, na Kenya iliyo juu ya ikweta haibadiliki. Nahodha wa Lamu ana sababu ya kuipenda, maana njia anayoifuata kwa dira hubaki mstari ulionyooka. Mwanafunzi hashiki usukani. Yeye analinganisha ukubwa wa nchi, misitu na msongamano wa watu, kwa hiyo kinachopaswa kulindwa ni eneo.

Ila si kila projeksheni inayolinda eneo inapendeza. Gall-Peters hulilinda, lakini kwenye ikweta huvuta nchi kaskazini-kusini hadi urefu wake, ukilinganishwa na upana, uwe mara mbili ya ulivyo kweli, na Kongo inakuwa kama imevutwa. Kwa Afrika mimi hutumia Lambert ya eneo sawa, kitovu chake kikiwa ndani ya bara lenyewe. Katika programu ya ramani ya QGIS, ifungue sehemu ya `Custom Projections` uandike:

```
+proj=laea +lat_0=0 +lon_0=20 +datum=WGS84 +units=m +no_defs
```

Gharama yake ni umbo. Dakar, ambayo iko karibu na ukingo kabisa, hufinywa asilimia 6 hivi kuelekea kitovu na kutanuka kiasi hicho hicho kwa mwelekeo unaoukata huo. Jicho halioni, lakini usimruhusu mtu apime umbali kwa rula akaamini kila kilomita. Tumia pia mipaka ya vekta, inayohifadhiwa kama mistari badala ya picha, kama ile ya Natural Earth. Picha ya mtandaoni ukiibadilishia projeksheni, majina yaliyochapwa ndani yake hupinda.

Kwenye karatasi ya A0 chagua 1:10,000,000. Bara kuu litachukua kama sentimita 80 kwa 74, na kila sentimita moja ya mraba itakuwa kilomita za mraba 10,000. Ikishachapishwa, weka juu yake karatasi angavu yenye miraba ya sentimita uhesabu, ukijumlisha vipande vya pembeni. Kenya itoe kama 58, Moroko kama 45. Kenya ikitoa 52 na Moroko 40, projeksheni ni sawa. Aliyechapisha ameacha `Fit to page` ikiwa imewashwa, na ramani imepungua. Mwambie achapishe tena kwa asilimia 100.