Matanki mawili, pampu moja: ranki ya 2 inakupa nini hasa

Swali: Nasoma kozi ya udhibiti ngazi ya uzamili hapa Dodoma. Mfumo wangu ni matanki mawili sawa, kila moja lina kitako cha mita 1 ya mraba, na pampu moja inayagawia maji nusu kwa nusu. Kila tanki lina koki yake ya kutolea, ila kihisi cha kina kipo tanki la kwanza tu. MATLAB inanipa ranki ya udhibitikaji 1. Nikifungua koki ya pili kidogo zaidi, inakuwa 2. Je, sasa naweza kushikilia kina ninachotaka kwenye kila tanki?

Jibu: Hapana, ndugu, na hata ranki yenyewe imekupa kidogo kuliko inavyoonekana.

Tuweke namba. Chukua kina cha kawaida cha sentimita 120, na kila koki ikitoa lita 120 kwa dakika. Kwa kuwa mtiririko wa koki hufuata kipeuo cha pili cha kina, ukiunyoosha kuzunguka hapo unapata muda bainifu wa dakika 20. Hali x1 na x2 ni sentimita juu au chini ya kina hicho, u ni lita kwa dakika ambazo pampu inaongeza au kupunguza:

```
x1' = -0.05*x1 + 0.05*u
x2' = -0.05*x2 + 0.05*u
```

Toa mstari wa pili kutoka wa kwanza. Tofauti e = x1 - x2 inatii e' = -0.05e, na u imetoweka kabisa. Hapo ndipo ranki 1 inapotoka: pampu haina mkono wowote juu ya tofauti ya vina. Si hatari, kwa sababu tofauti hiyo inajifia yenyewe. Ukianza na sentimita 10, baada ya saa moja imebaki kama nusu sentimita. Huwezi tu kuiharakisha wala kuizuia.

Sasa fungua koki ya pili mpaka 0.05 yake iwe 0.051, na x2 uipime kutoka kina kipya ambapo tanki la pili linatulia. Tofauti inakuwa e' = -0.05e + 0.001*x2. Pampu inaifikia, lakini kwa kupitia kwanza kwenye kina cha x2, na kwa mgawo wa 0.001 tu. Pima ugumu huo kwa gramiani, matriki inayoonyesha kila upande wa hali unadai nishati kiasi gani, maana ranki hujibu ndiyo au hapana tu:

```
A = [-0.05 0; 0 -0.051];
B = [0.05; 0.05];
rank(ctrb(A,B))
W = gram(ss(A,B,[1 0],0),'c');
cond(W)
```

Jibu la mwisho ni kama 40,000. Maana yake, kusogeza hali upande mgumu, yaani ule wa tofauti, kunadai nishati ya pampu mara 40,000 hivi ya upande rahisi, au ukubwa wa u kama mara 200. Pampu itagonga kikomo chake kabla hujafika.

Lakini kosa kubwa zaidi lipo kwenye neno "kushikilia". Udhibitikaji unaahidi kwamba hali itafika unapotaka ndani ya muda fulani. Hauahidi kwamba itakaa pale. Ili ikae, lazima Ax + Bu = 0, na kwa ingizo moja suluhisho zote ziko kwenye mstari mmoja. Kwako, ili tofauti ikae kwenye sentimita 1, unahitaji u = 51, na matanki yatapanda sentimita 51 na 50. Kina huru kwa kila tanki kinadai ingizo la pili, kwa mfano koki ya mota kwenye bomba la tanki la pili.

Upande wa kihisi ni tofauti. Kwa C = [1 0], yaani kihisi kikisoma x1 tu, tanki la pili halionekani hata ukibadilisha koki, kwa sababu hakuna maji yake yanayopita tanki la kwanza. Unganisha matanki kwa bomba chini, lenye mgawo k: ranki ya uonekanaji inakuwa 2, kwa kuwa kina cha pili sasa kinasukuma cha kwanza. Angalia lakini: ukirudisha koki zikawa sawa, udhibitikaji unabaki 1, kwani AB bado ni -0.05B. Bomba halivunji ulinganifu wa pampu. Peleka maji yote tanki la kwanza, B iwe [0.1; 0], ndipo ranki zote mbili zinakuwa 2.

Chagua bomba hilo jembamba na refu, ili maji yapite kwa utulivu na k iwe namba ya kweli. Bomba fupi na pana hufuata kipeuo cha tofauti ya vina, na pale vina vinapolingana mteremko wake hauna kikomo, kwa hiyo hakuna k ya kuandika kwenye A.