Akanishow si kuonyesha

Wiki jana wakili mmoja alinitumia ujumbe wa Sheng wa mchuuzi anayeuzia nguo Barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Aliutaka kwa Kiingereza kinachoeleweka, uingie kwenye maelezo ya malalamiko. Ujumbe ni huu, kama ulivyoandikwa kwenye simu:

"Kanjo walikam mapema wakabeba mali yangu yote. Mmoja akanishow nitoe ngiri mbili ndio nisiwekwe ndani. Nikamshow niko na soo tano tu. Akaishika, akasema nisimchome. Baadaye ndio nikajua ameniuzia uoga."

Mtu akiusoma haraka hudhani kazi ni kutafuta maana ya ngiri na soo. Hayo ndiyo mepesi. Ngiri ni elfu moja na soo ni mia, kwa hivyo aliitishwa 2,000 akatoa 500. (Mtu wa rika langu angesema jirongo, maana noti ya 500 ilibandikwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa YK'92, kundi la vijana lililokifanyia KANU kampeni wakati wa uchaguzi wa 1992. Kijana huyu hasemi hivyo.)

Mimi huogopa zaidi maneno yanayofanana na Kiingereza. "Akanishow" limenitia aibu zamani. Nilikuwa mgeni kazini nikaandika kwamba afisa alimwonyesha mlalamishi kiasi fulani cha pesa. Aliyeniajiri akapiga simu kuuliza: alimwonyesha wapi, kuna risiti? Risiti ya hongo! Kwa Sheng, kumshow mtu ni kumwambia. Siku hizi nikiona kitenzi cha Kiingereza kilichovikwa viambishi vya Kiswahili, naanza kwa kukishuku. "Walikam" halina hila, ni walikuja tu. "Akanishow" lina hila.

Kwa hivyo sitoki kwenye Sheng moja kwa moja hadi Kiingereza. Kwanza naandika upya kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi kwa sentensi: "Askari wa kaunti walikuja mapema wakachukua bidhaa zangu zote. Mmoja akaniambia nitoe shilingi elfu mbili ili nisiwekwe ndani." Hatua hii hunilazimisha kuamua. Neno nisiloweza kuliandika kwa Kiswahili, sijalielewa, hata kama mdomoni linanitoka vizuri.

Kanjo, kwa mfano. Jina limetokana na baraza la jiji la zamani, lakini tangu 2013 jiji linaendeshwa na serikali ya kaunti. Nikiandika "council", msomaji wa nje atatafuta ofisi isiyokuwepo. Nimeweka "county enforcement officers".

Kisha nikakwama kwenye "ndani". Nairobi mtu akiwekwa ndani, wengi tunafikiria seli, nami nilikuwa karibu kuandika hivyo. Kitu kingine kilinisimamisha: "akaniambia", ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakijali, lakini Kiingereza kinadai jibu kila unapotaka kuandika "he" au "she". Nikamwomba wakili aniunganishe na mchuuzi.

"Kaka, huyo aliyekuitisha pesa alikuwa mwanaume?"

"Apana, ni mmama. Wale wanaume walikuwa wanapakia."

"Na ndani ni wapi? Seli?"

"Ndani ya lori, buda. Lori lilikuwa hapo tu."

Dakika mbili za simu. Bila hizo ningemfanya mwanamke kuwa mwanamume na lori kuwa seli, na upande wa pili ungeuliza mara moja ni kituo gani cha polisi. Ukikosa wa kumuuliza, acha neno lenye mashaka jinsi lilivyo, eleza kando maana zake mbili, na badala ya kukisia jinsia andika "the officer".

"Nisimchome" halihusu moto. Alimtaka asimfichue, nami nikaandika "not to expose her". Nilisita kuandika "report", kwa sababu hilo lingeonyesha kuwa kuna ofisi ambayo mchuuzi alitishia kwenda kushtaki, na mchuuzi hakusema hivyo. "Ameniuzia uoga" ndilo lililonichukua muda. Uoga hauuzwi, lakini pesa zilitoka kweli, na ukitafsiri neno kwa neno msomaji atadhani kuna biashara. Maana yake ni kutishwa kwa jambo ambalo huenda halingefanyika. Nikaweka "she had only been trying to scare me". Ladha ya kuuza imepotea, na inaniuma kidogo, lakini karatasi ya wakili haikuwa mahali pa kuitunza.

Mwisho nilisoma Kiingereza peke yake, bila ujumbe wa awali mbele yangu, nikijiuliza kama mtu asiyewahi kufika Tom Mboya angeweza kusema nani alichukua nini, nani alitoa ngapi, na kwa nini. Sentensi ya pili ilikuwa bado inaacha shaka kuhusu lori, nikaongeza neno moja nikaituma.