Kilo ya Wachina

"Baba, kati ya Kichina na Kifaransa nisome kipi, ili nipate kazi ya ukalimani haraka?"

Mwanangu,

Vipimo kwanza, lugha baadaye. Najua umenisikia nikisema hivyo tangu ukiwa mdogo, ila sijawahi kukwambia nilikolitoa.

Unakumbuka shangazi yako alivyovuka kutoka Nansio na kiroba cha mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki? Makavu, mapana, ameyakwangua damu na utando mpaka ukiinua moja juani mwanga unapenya. Alitaka laki mbili kwa kilo. Mnunuzi alikuwa Mchina aliyefikia hapa Kirumba, nami niliyekuwa na miezi minane ya Kichina nikajitolea kutafsiri.

Laki mbili niliiweza. Wachina hawana laki. Huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi, kila fungu wan, hivyo laki mbili ni wan ishirini. Hapo ndipo wengi huanguka, na mimi nilikuwa nimefanya mazoezi usiku kucha. Nikaitamka safi, nikamalizia: kwa jin.

Jin ni nusu kilo, mwanangu. Gramu 500. Kilo huitwa gongjin, na ile gong mimi niliimeza. Yule bwana akatoa kikokotoo, akaandika 200,000, akazidisha kwa mbili, akanigeuzia kioo: 400,000. Alikuwa ananiuliza kama kweli ndiyo bei ya kilo. Mimi nikadhani anapiga hesabu ya kilo mbili, nikaitikia kwa kichwa. Akafunga mkoba, akaenda zake.

Jioni shangazi yako akamuuzia dalali kwa 130,000. Kiroba kilikuwa na kilo 18, kwa hiyo zilipotea 1,260,000. Hakusema neno. Alikunja kiroba kitupu, akakiweka kwapani.

Tangu siku ile nikitafsiri bei naweka kwanza kilo moja kwenye mizani, mnunuzi aione, ndipo nataja pesa.

Sasa, Kichina au Kifaransa? Mkono wangu unavuta kwenye Kichina, kwa ajili ya mabondo. Lakini hapohapo najipinga: wanunuzi wa dagaa wanatoka Kongo, na ingawa Kiswahili wengi wanacho, karatasi za serikali yao ni za Kifaransa. Huko nako kuna mtego uleule. Kitabu cha Ufaransa kitakufundisha kuita sabini "sitini na kumi", Mkongo husema septante. Narudi palepale: vipimo kwanza. Nilitaka nisikuchagulie, na sitakuchagulia, ingawa umeshaona naegemea wapi.

Ukija Desemba vuka Nansio ukamsalimie shangazi yako. Mpaka leo anaamini Mchina yule alikuwa bahili, na mimi sijapata kumweleza ile mara mbili ilitoka wapi.

Baba yako