Ujumbe wa maneno manane ulionigharimu mwezi mzima

Wiki iliyopita nilitetea tasnifu yangu ya uzamivu na nikafaulu, marekebisho madogo tu. Nilipotoka chumbani nilimpigia mama kwanza. Kisha nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kutafuta ujumbe mmoja wa Oktoba 2016, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Niliukuta. Nilimwandikia msimamizi wangu hivi, saa tano usiku:

"Dkt kesho siji. Tuhamishe kikao Alhamisi saa 4."

Maneno manane. Siku ile mama alikuwa amelazwa, nami nilikuwa nimeegemea ukuta wa korido ya wodi, chaji ya simu inakaribia kuisha. Moyoni sikuwa na dharau hata chembe. Lakini msimamizi hakuuona moyo wangu wala ile korido. Aliona maneno manane, akajibu moja: "Sawa."

Alhamisi nilifika ofisini kwake saa nne asubuhi nikakuta mlango umefungwa. Nikasubiri mpaka saa sita, nikarudi hospitali nikiwa na kinyongo. Yeye alikuja saa kumi jioni, akanisubiri, akaondoka. Ile "4" yangu aliisoma kama saa ya kwenye kompyuta, maana kalenda yake yote aliipanga hivyo. Kikao kingine nilikipata baada ya mwezi. Siku hiyo aliniambia jambo ambalo bado linaniuma: "Nilisoma kurasa zako zote 38 Jumapili, nikaacha wageni sebuleni. Halafu unaniambia tu kwamba huji."

Kwa hiyo ninyi mlioko kwenye sura ya tatu sasa hivi, mnaoandika ujumbe wa kuhamisha kikao mkiwa kwenye daladala, nisikilizeni. Tuuchambue ujumbe wangu.

Kosa la kwanza ni kitenzi. "Siji" ni taarifa ya mtu aliyekwisha kuamua. "Tuhamishe" ni kauli ya marafiki wanaopanga kwenda kula chipsi. Kwa msimamizi, anayehamisha kikao ni yeye, wewe unaomba. Neno linalobeba heshima hapo ni "naomba". Wengi hudhani "tafadhali" inatosha, lakini jaribuni kulisoma kwa sauti: "Tafadhali hamisha kikao." Hilo ni tangazo lililobandikwa mlangoni. "Naomba, kama itawezekana, kikao kisogezwe" ni mtu anayezungumza na mkubwa wake. Wala msiandike "nimeahirisha kikao", kwa sababu anayeahirisha ni mwenye kikao, tena kuahirisha bila kutaja siku mpya kunamwacha akijiuliza kama mmekata tamaa.

Kosa la pili ni salamu. Ujumbe wangu ulianza na "Dkt" kama vile namwita kondakta. Kama msimamizi wako ni mtu mzima kwako, "Shikamoo Daktari" ndiyo mlango. Kama mna umri mmoja, au wewe ndiye mkubwa, na hilo siku hizi ni kawaida sana, shikamoo itamwaibisha. "Habari za jioni, Daktari" yatosha. Ila salamu isitumwe peke yake. Kuna watu wanatuma "Shikamoo", wanangoja "Marahaba", wanatuma "Samahani kwa usumbufu", wanangoja tena, wakati mwenzao yuko darasani na simu inatetemeka mfukoni asijue kuna nini. Salamu, radhi na shida viwe katika ujumbe mmoja. Na salamu iwe fupi, kwa kuwa simu ikiwa imefungwa huonyesha mistari ya mwanzo tu. Mistari hiyo ikijaa dua na "natumaini u mzima wa afya wewe na familia yote", habari kwamba kesho hufiki atakuja kuiona kesho.

Kosa la tatu, kubwa kuliko yote, ni kwamba sikuitaja kazi yake. Nilifikiria shida yangu, sikufikiria Jumapili yake. Msimamizi anapopata ujumbe wa kuhamisha kikao, jambo la kwanza analojiuliza ni hili: nilichosoma bado kina maana, au huyu ataniletea rasimu nyingine? Sentensi moja ya kumjibu swali hilo inamtuliza kuliko radhi kumi.

Hivi ndivyo ningeuandika leo, kwa siku ileile na shida ileile:

"Shikamoo Daktari, pole na majukumu. Naomba radhi, kikao chetu cha kesho Jumanne saa nne asubuhi sitaweza kufika. Mama amelazwa tangu jana, na mchana mimi ndiye ninayekaa naye. Kama itakupendeza, naomba tukutane Alhamisi tarehe 20 saa nne asubuhi, au Ijumaa tarehe 21 saa nane mchana. Siku hizo zikiwa na kazi nyingine, nitafuata muda utakaonipangia. Sura ya tatu niliyokutumia Ijumaa sijaibadilisha, hivyo kama umeshaisoma tutaendelea na hiyohiyo. Nashukuru sana kwa muda wako."

Angalieni sababu ilivyokaa. Ni sentensi moja, ya kweli, bila jina la ugonjwa wala namba ya kitanda. Sababu ikiwa ndefu mno inageuka kesi, na msomaji anaanza kuwa hakimu. Kama hamtaki kuitaja, andikeni "nimepata dharura ya kifamilia" mwendelee. Msidanganye, msimamizi akikukuta kantini siku uliyosema unaumwa, hakuna ujumbe utakaokuokoa.

Angalieni pia muda. "Saa nne asubuhi" imeandikwa kwa maneno, na siku ina tarehe yake. "Alhamisi ijayo" ikiandikwa Jumatatu, mmoja huelewa Alhamisi ya wiki hiihii, mwingine huelewa ya wiki inayofuata. Nimetoa nafasi mbili ili asianze kunitafutia siku, kisha nimemwachia uamuzi. Mkitoa moja tu, mmempangia. Mkisema "siku yoyote utakayokuwa huru", mmempa kazi ya kupekua kalenda yake kwa ajili ya tatizo lenu.

Nitasema ukweli: hata mimi niliwahi kupitiliza upande wa pili. Baada ya lile tukio niliandika ujumbe mrefu kama risala, "Mheshimiwa Daktari wangu mpendwa", radhi nne. Akaniuliza kama kuna jambo baya limetokea. Ukarimu wa Kiswahili hauko kwenye wingi wa maneno. "Pole na majukumu" moja, iliyokaa mahali pake, imetosha.

Tumeni mapema. Saa tano usiku kwa kikao cha asubuhi ni kuchelewa, ingawa dharura haichagui saa. Ikilazimu, tumeni usiku huohuo, na kama kufikia saa moja na nusu asubuhi hajajibu, pigeni simu. Ukimya wake msiuhesabu kuwa ni ruhusa. Anaweza kuwa hajauona ujumbe, na saa nne atakuwa amekaa ofisini na kurasa zenu mkononi.

Na akijibu, msiishie hapo. "Sawa" yake ile mimi niliipokea kama mwisho wa mazungumzo, nikazima simu. Ilitakiwa nijibu: "Ahsante sana Daktari. Basi nitafika ofisini kwako Alhamisi tarehe 20, saa nne asubuhi." Angeona neno "asubuhi", na angenirekebisha usiku uleule.